Maswali ya Ufafanuzi Kabla ya Kuingia Zabuni: Mwongozo kwa Kampuni Ndogo ya Utafiti

Vijana wanaofungua kampuni ndogo za utafiti hapa Kampala, na baadhi yao Mbarara na Arua, huniuliza jambo lile lile kila nyaraka za ombi la mapendekezo zinapotoka: je, tukimwandikia mnunuzi maswali, hatutaonekana hatuijui kazi? Wengine huuliza kinyume chake, yaani waulize maswali mangapi, na iwapo kuuliza kunawafunga kuleta pendekezo. Kuuliza hakukufungi kwa lolote. Mnunuzi ametenga siku za maswali ndani ya nyaraka zake mwenyewe, na barua ya maswali haichukuliwi kama ahadi ya kushiriki. Hata hivyo barua nyingi za maswali nilizoziona hazimsaidii aliyeziandika, kwa sababu aliuliza kwanza, kisha ndipo akaanza kufikiri angefanya nini na majibu.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukulie kwamba shirika lisilo la kiserikali linaomba mapendekezo ya tathmini ya awali ya mradi wa kipato kwa wakimbizi na wenyeji katika makazi ya Kyaka II, wilayani Kyegegwa, na Nakivale, wilayani Isingiro. Nyaraka zimetoka tarehe 2 Juni, mwisho wa maswali ni tarehe 10 Juni saa 11:00 jioni, majibu yatatolewa tarehe 13 Juni, na mapendekezo yanapokelewa hadi tarehe 24 Juni. Kikomo cha bajeti kilichotajwa ni shilingi 60,000,000.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Uwe na nyaraka zote, pamoja na viambatisho na rasimu ya mkataba, kwa kuwa masharti magumu hukaa kwenye rasimu hiyo wakati watu wengi husoma hadidu za rejea peke yake. Uwe na daftari au jedwali la kuandikia ulichokiona na ukurasa wake. Uwe na viwango vyako halisi vya gharama, yaani posho ya mdadisi kwa siku, gari na mafuta, vilivyotoka kwenye kazi uliyokwisha kuifanya. Mwisho, awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema "tunaingia" au "hatuingii". Mtu huyo akiwa safarini hadi tarehe 20, maswali yako hayatakuwa na kazi.

Hatua ya 1: Hesabu siku ulizo nazo kweli

Kutoka tarehe 2 hadi tarehe 10 Juni zinaonekana siku tisa. Ondoa tarehe 3, Siku ya Mashahidi, na tarehe 9, Siku ya Mashujaa, kisha ondoa mwisho wa juma ulio katikati, utaona kwamba siku za kazi ni chache mno. Mimi hujipangia kutuma siku moja ya kazi kabla ya tarehe ya mwisho. Zingatia pia saa: nyaraka zetu huandikwa kwa Kiingereza na huhesabu saa kwa Kizungu, kwa hiyo hakikisha mtu anayetafsiri "5:00 p.m." ya nyaraka hakuielewa kuwa saa tano badala ya saa kumi na moja jioni. Kosa hilo nimeliona likiiondoa timu nzuri.

Hatua ya 2: Soma mara mbili, ukitafuta vitu viwili tofauti

Usomaji wa kwanza ni wa kuielewa kazi. Wa pili unatafuta mambo mawili tu: mahali ambapo nyaraka zinajipinga, na mahali ambapo zimenyamaza juu ya jambo linalogusa gharama, muda au sifa zako. Andika kila unachokiona pamoja na ukurasa na kifungu.

Katika mfano wetu daftari linatoa mambo manne. Kwanza, hadidu za rejea zinasema sampuli ni kaya 400, lakini kiambatisho cha mbinu kinasema kaya 400 katika kila makazi. Pili, kazi inapaswa kumalizika katika siku 45 tangu kutiwa saini kwa mkataba, na hakuna neno kuhusu vibali. Tatu, malipo ni asilimia 20 baada ya ripoti ya mwanzo kukubaliwa na asilimia 80 baada ya ripoti ya mwisho kuidhinishwa. Nne, dodoso litafsiriwe katika "lugha zinazofaa", bila kuzitaja.

Kabla ya kuliita jambo swali, litafute tena katika viambatisho. Swali ambalo jibu lake liko ukurasa wa 17 hulishushia hadhi hata swali lako zuri linalofuata.

Hatua ya 3: Piga hesabu kwa kila maana inayowezekana

Hapa ndipo wengi huruka, na ndipo kazi yote ilipo. Usimwulize mnunuzi sampuli ni ngapi kabla hujajua tofauti ya majibu hayo ni shilingi ngapi kwako.

Tuseme dodoso linachukua muda wa saa moja hivi, na mdadisi, akihesabu kutembea kutoka kaya moja hadi nyingine, anafikia kaya tano kwa siku. Wadadisi wanane watafikia kaya 40 kwa siku, hivyo kaya 400 ni siku 10 na kaya 800 ni siku 20. Ikiwa kila mdadisi anagharimu shilingi 120,000 kwa siku pamoja na malazi, wanane ni 960,000. Ongeza gari kwa shilingi 250,000, na siku moja ya uwandani inakuwa 1,210,000. Kwa kaya 400 uwanda wako ni shilingi 12,100,000, na kwa kaya 800 ni 24,200,000. Iwapo kwa hesabu ya kaya 400 ulikuwa umebaki na faida ya milioni 9 ndani ya kikomo cha milioni 60, basi kwa kaya 800 una hasara ya 3,100,000 kabla hata gari halijaharibika njiani.

Sasa weka ratiba ya malipo juu ya hesabu hiyo. Asilimia 20 ya milioni 60 ni milioni 12. Mnunuzi aliyeteuliwa kukata kodi ya zuio, nawe huna msamaha, atakata asilimia 6, yaani 720,000, na mkononi utapokea 11,280,000. Kodi hiyo utaidai katika hesabu zako za mwaka, lakini haiwezi kuwalipa wadadisi wiki hii. Kwa kaya 400 unapungukiwa shilingi 820,000 tu ili kumaliza uwanda. Kwa kaya 800 unapungukiwa 12,920,000, na fedha hizo lazima zitoke mfukoni mwako au benki hadi ripoti ya mwisho iidhinishwe. Mambo mawili yaliyoonekana hayahusiani, sampuli na ratiba ya malipo, kumbe ni swali moja lenye miguu miwili.

Kuhusu vibali, hesabu ni ya siku. Utafiti unaohusisha watu nchini Uganda hupitiwa na kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa kwa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kuingia katika makazi ya wakimbizi kunahitaji ruhusa ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Mapitio ya kamati huhesabiwa kwa majuma. Siku 45 zikianza kuhesabiwa siku ya kutia saini, na vibali vikiwa juu yako, unaweza kufika siku ya 35 hujamhoji mtu hata mmoja, huku rasimu ya mkataba ikikukata fedha kwa kila siku ya kuchelewa.

Hatua ya 4: Andika uamuzi kabla ya kuandika swali

Kwa kila jambo lililobaki, andika katika daftari sentensi mbili: wakijibu hivi tutafanya hili, na wakijibu vile tutafanya lile. Kwa mfano wetu:

- Sampuli: ikiwa ni kaya 400 kwa jumla, tunaingia. Ikiwa ni 800 na kikomo cha bajeti hakibadiliki, hatuingii.
- Vibali: siku 45 zikianza baada ya vibali kupatikana, au shirika likiwa tayari linavyo, tunaingia. Zikianza siku ya saini, hatuingii.
- Malipo: wakikubali malipo ya kati baada ya ukusanyaji wa data, vizuri. Wakikataa, bado tunaingia kwa kaya 400, kwa sababu tunaweza kuvumilia pengo hilo.
- Lugha: jibu litabadilisha bei ya tafsiri na namna ya kuwapata wadadisi, lakini halitabadilisha uamuzi.

Swali ambalo sentensi zake mbili zinafanana, lifute. Ikiwa utafanya jambo lile lile kwa jibu lolote, unamchosha mnunuzi na unajichosha mwenyewe. Kwa njia hii maswali ishirini hushuka hadi matano au sita. Wakati nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilituma maswali 31 kwa mnunuzi mmoja. Kwa 26 kati yake alijibu "rejea hadidu za rejea", na yale matano ya maana yalizama humo humo na kupata majibu ya haraka haraka.

Hatua ya 5: Ondoa kinachofichua mkakati wako

Majibu hutumwa kwa washindani wote waliochukua nyaraka, pamoja na maswali yenyewe, bila kutaja aliyeuliza. Huo ndio utaratibu katika nyaraka za kawaida za zabuni za serikali chini ya PPDA, mamlaka inayosimamia ununuzi wa umma, na mashirika mengi huufuata. Jina lako halitaonekana, lakini wazo lako litaonekana.

Kwa hiyo ukikusudia kuhoji nusu ya kaya kwa simu ili kupunguza gharama, usiulize kama hilo linaruhusiwa. Liandike katika pendekezo lako na ulitetee humo, mradi nyaraka hazikulikataza. Vivyo hivyo, usiulize swali linalomwalika mnunuzi aongeze sharti. "Je, ni lazima wadadisi wawe na shahada?" ni swali ambalo mnunuzi mwenye haraka hulijibu "ndiyo", na tangu hapo limekuwa sharti kwa kila mtu, wewe ukiwa wa kwanza.

Hatua ya 6: Andika barua

Kila swali liwe na sehemu tatu: rejea ya kifungu na ukurasa, tatizo kwa sentensi moja, na swali linaloweza kujibiwa kwa maneno machache. Barua yenyewe utaiandika kwa lugha ya nyaraka, ambayo hapa kwetu kwa kawaida ni Kiingereza. Kwa Kiswahili umbo lake ni hili:

> Kwa Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi,
>
> Yah: Maombi ya ufafanuzi, Ombi la Mapendekezo Na. ____, Tathmini ya Awali, Kyaka II na Nakivale
>
> Tunashukuru kupata nyaraka zilizotajwa hapo juu. Ili tuweze kuandaa pendekezo linalolingana na mahitaji yenu, tunaomba ufafanuzi ufuatao:
>
> 1. Kifungu 4.2 (uk. 9) kinataja sampuli ya kaya 400, na Kiambatisho B (uk. 22) kinataja kaya 400 katika kila makazi. Je, sampuli ya jumla ni kaya 400 au 800? Ikiwa ni 800, je, kikomo cha bajeti cha kifungu 7 kinabaki kilivyo?
>
> 2. Kifungu 5.1 (uk. 11) kinaweka siku 45 tangu kutiwa saini. Je, muda wa kupata idhini ya maadili, usajili wa utafiti na ruhusa ya kuingia makazi umo ndani ya siku hizo? Nani atawajibika kuzipata?
>
> 3. Kifungu 8 (uk. 14) kinaweka malipo katika awamu mbili. Je, mnaweza kufikiria awamu ya kati baada ya data safi kuwasilishwa?
>
> 4. Kifungu 4.5 (uk. 10) kinataja "lugha zinazofaa". Tafadhali zitajeni.
>
> Tutashukuru kupata majibu kwa maandishi kufikia tarehe iliyopangwa.
>
> Wenu katika kazi,

Barua haielezi ukubwa wa kampuni yako wala hailalamiki kwamba bajeti ni ndogo. Tena swali la nne, kwa Nakivale, si la mapambo: humo wamo Wakongo na Warundi wanaoweza kuhojiwa kwa Kiswahili, lakini wamo pia Wanyarwanda na Wasomali, na kumpata mdadisi wa Kisomali ni bajeti nyingine.

Hatua ya 7: Tuma kwa njia iliyoelekezwa, na kwa njia hiyo peke yake

Kama nyaraka zimetaja anwani ya barua pepe, tumia hiyo. Kama ununuzi unapitia eGP, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, fuata maelekezo ya humo. Weka namba ya ombi kwenye kichwa cha ujumbe. Omba uthibitisho wa kupokelewa, na usipoupata asubuhi inayofuata, piga simu kuuliza kama barua imefika.

Simu hiyo iishie hapo. Niliwahi kumpigia afisa mmoja niliyemfahamu, akaniambia kwa ukarimu kwamba sampuli ni ndogo, tusihofu. Majibu ya maandishi yalipotoka, yalikuwa kinyume, na tayari nilikuwa nimepoteza siku tatu nikiandika bei ya sampuli ndogo. Neno la mdomo halimfungi mnunuzi, hata likitamkwa katika mkutano wa wazabuni, mpaka liingie katika kumbukumbu zilizosambazwa. Zaidi ya hapo, kumfuatafuata afisa nje ya njia rasmi kunaweza kukuondoa katika shindano, na katika ununuzi wa serikali kunaweza kukuletea adhabu kubwa zaidi.

Hatua ya 8: Pokea majibu, rudi kwenye daftari, amua

Majibu yakifika, usianze kujadiliana upya. Fungua sentensi ulizoandika katika hatua ya 4 na uzisome. Tuseme tarehe 13 Juni mnunuzi anajibu kwamba sampuli ni kaya 400 kwa jumla, 200 katika kila makazi. Kwamba vibali vitatafutwa na mshauri lakini siku 45 zitaanza vikishapatikana. Kwamba awamu za malipo hazibadiliki. Na kwamba lugha ni Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali. Masharti yote mawili ya mlango, yaani sampuli na vibali vinavyoamua kuingia au kutoingia, yamepita, pengo la malipo linavumilika, na tafsiri inaongezwa kwenye bei. Unaingia.

Angalia pia kama jibu limetolewa kama ufafanuzi au kama marekebisho rasmi ya nyaraka. Jambo linalobadilisha kazi yenyewe linapaswa kuwa marekebisho, na mara nyingi utatakiwa kutaja katika pendekezo lako kwamba umeyapokea. Anayesahau kuyataja huweza kuondolewa kabla bei yake haijafunguliwa.

Ukiamua kutoingia, andika barua fupi ya kushukuru na kusema hutashiriki safari hii. Sababu si lazima uitoe.

Mambo yanapokwenda kombo

*Hakuna jibu hadi siku iliyopangwa.* Andika mara moja kukumbusha, na katika ujumbe huo huo uulize kama tarehe ya mapendekezo itasogezwa. Ukikosa jibu kwa swali la mlango, chukulia jibu ni lile baya na uamue hivyo. Kwa swali la bei tu, unaweza kuandika dhana yako wazi katika pendekezo la fedha, kwa mfano "bei hii ni ya lugha tatu". Jihadhari lakini: katika zabuni za serikali dhana inayogusa kiini cha kazi au masharti ya mkataba huweza kuhesabiwa kuwa ukiukaji mkubwa na pendekezo likakataliwa. Dhana kuhusu idadi ya lugha huenda ikapita. Dhana kwamba siku 45 zinaanza unapotaka wewe haitapita.

*Jibu ni "rejea hadidu za rejea".* Soma tena kifungu. Ikiwa mkanganyiko upo kweli na siku za maswali hazijaisha, andika mara moja tu, ukinukuu vifungu vyote viwili bega kwa bega na kuomba kipi kitangulie. Siku zikiwa zimeisha, angalia kama nyaraka zina kifungu kinachosema ni sehemu ipi inatawala zikipingana. Nyaraka nyingi ndefu zinacho.

*Majibu yameongeza kazi.* Linganisha na kikomo cha bajeti kwa hesabu ya hatua ya 3, wala usikubali maneno ya mwenzako kwamba "tutaona mbele". Kama tarehe 13 wangesema kaya 800 kwa milioni 60 zile zile, barua ya kushukuru ingeandikwa jioni hiyo hiyo.

*Umechelewa tarehe ya maswali.* Unaweza kuandika kwa heshima, lakini mnunuzi hana wajibu wa kujibu, na wengi hawajibu ili washindani wasilalamike. Subiri majibu ya maswali ya wengine. Mara nyingi mtu mwingine ameuliza lako.

*Swali la mshindani limekushtua.* Hili hutokea zaidi ya inavyosemwa. Orodha ya majibu inapofika na kuna swali kuhusu bima ya wadadisi ambalo wewe hukuliwaza, lichukulie kama ulilolikosa katika hatua ya 2, litafutie bei, kisha rudi kwenye jumla kabla hujatia saini ukurasa wa fedha.